Rejista ya watoto nimeihamishia Excel, imenitolea "watoro" 58. Baadhi yao nimewachoma mwenyewe mwezi huu

NesiPembezoni

Wakuu, habari za jioni. Niko zahanati moja ya kijijini, kitengo cha mama na mtoto. Wauguzi tuko wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo kwa sasa hesabu mmoja.

Nilichukua kitabu namba 7 cha MTUHA nikakaa nacho jioni nne, nikawahamishia kwenye kompyuta watoto wote waliozaliwa kuanzia Januari 2024. Kila mtoto mstari wake: namba, jina, jina la mama, kitongoji, tarehe ya kuzaliwa, halafu tarehe aliyopata kila chanjo: BCG, Penta ya 1, ya 2, ya 3, surua rubela ya kwanza na ya pili. Polio, Rota na PCV nimeziacha kwa sababu zinaenda siku moja na Penta.

Pembeni nikaweka tarehe za kurudi: wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Zote nimehesabu kutoka siku ya kuzaliwa. Mtoto akipitisha siku 28 na nafasi yake bado tupu, anaingia kwenye orodha ya watoro.

Imetoka na majina 58. Nilivyoanza kuyasoma nikaishiwa nguvu. Kuna watoto nimewachoma mwenyewe mwezi huu. Kuna mtoto wa mlinzi wetu, anashinda hapa hapa chini ya mwembe. Na keshokutwa nimeahidi kuwapa wahudumu wa afya ngazi ya jamii orodha waanze kuzunguka. Nimekosea wapi?

fomula_tu

Pole dada. Weka hapa mpangilio wa safu zako tukuandikie fomula, nusu saa umemaliza. Hayo mengine ni maneno tu.

MamaPacha07

Samahani naingilia. Wanangu mapacha, mmoja mkono una kovu la ile sindano ya kuzaliwa na mwingine hana kabisa. Na yeye atakuwa kwenye hiyo orodha ya watoro?

MzeeWaRejista

MamaPacha, kovu siyo rejista. Wapo watoto wanaopata BCG na kovu halitokei. Angalia kadi, kama tarehe imeandikwa, mwanao amechanjwa na wala huhitaji kumrudisha.

Sasa wewe binti wa pembezoni. Nilikuwa mratibu wa chanjo wa wilaya kabla sijastaafu, na orodha kama yako nimeziona nyingi, za kalamu na za kompyuta. Usiwape wahudumu. Kabla hujagusa fomula nijibu jambo moja: mtoto aliyechelewa kuanza Penta ya 1, tarehe yake ya Penta ya 2 umeihesabu kutoka wapi?

NesiPembezoni

Kutoka kuzaliwa, Mzee. Wiki 10.

MzeeWaRejista

Ndipo penye ugonjwa. Chukua mtoto mmoja tumfuate, utaona mwenyewe. Siku yenu ya chanjo ni ipi?

NesiPembezoni

Alhamisi. Basi huyu hapa, ni wa mlinzi. Kazaliwa 11 Machi 2025. Mama yake alikwenda kwao baada ya kujifungua, akachelewa, Penta ya 1 nimemchoma tarehe 22 Mei. Leo tarehe 18 Juni kompyuta inasema ni mtoro wa Penta ya 2.

MzeeWaRejista

Hesabu nami. Wiki 6 zake zilitimia 22 Aprili. Wiki 10 zilitimia 20 Mei. Maana yake siku ile ya 22 Mei, mama kakaa kwenye benchi, mtoto analia, wewe unaandika Penta ya 1 kwenye kadi, kompyuta yako tayari inamhesabu kachelewa Penta ya 2 kwa siku mbili. Leo zimefika siku 29 tangu 20 Mei, kavuka mpaka wako wa siku 28, katumbukia kwenye orodha.

Lakini kati ya Penta na Penta lazima zipite wiki 4. Kutoka 22 Mei, wiki 4 zinatimia 19 Juni. Yaani kesho. Hapo kwenye kadi yake umeandika wewe mwenyewe kwa mkono arudi lini?

NesiPembezoni

19/6. 🙈

MzeeWaRejista

Haya. Mama hajakosa kitu, na kesho mhudumu angemgongea mlango kumwambia ni mtoro wakati anajifunga kanga aje kliniki. Tarehe ya kurudi inatazama mambo mawili kwa pamoja: umri umetimia, na wiki 4 tangu dozi iliyotangulia zimetimia. Inayochelewa kati ya hizo mbili ndiyo tarehe yake. Akija kesho, Penta ya 3 kwa umri ilitimia jana tarehe 17 Juni, lakini yeye arudi 17 Julai.

fomula_tu

Nimekubali Mzee, hapo ningempotosha. Nesi, chukulia E ni kuzaliwa, G, H na I ni Penta tatu, J na K ni surua rubela. Ongeza safu L uandike HAI kwa kila mtoto aliyepo. Aliyehama au kufariki mwandikie hivyo, asihesabiwe. Kisha kwenye M:

```
=IF(L2<>"HAI","",
IF(G2="",E2+42,
IF(H2="",MAX(E2+70,G2+28),
IF(I2="",MAX(E2+98,H2+28),
IF(J2="",EDATE(E2,9),
IF(K2="",MAX(EDATE(E2,18),J2+28),""))))))
```

Inatafuta dozi ya kwanza ambayo bado, inakupa tarehe yake. MAX ndiyo ile "inayochelewa kati ya mbili" ya Mzee. EDATE inahesabu miezi ya kalenda, usiweke siku 270 kwa miezi 9, itakupeleka kombo. Kompyuta yako ikikataa koma, weka nukta mkato, ni mipangilio tu.

TakwimuKijana

Mimi nadhani mnajisumbua. Kuna kipimo kinajulikana: chukua Penta ya 1 toa Penta ya 3, gawa kwa Penta ya 1, zidisha kwa 100. Ikizidi asilimia 10 una tatizo la watoro, ikiwa chini uko salama. Huhitaji kuandika mtoto mmoja mmoja.

MzeeWaRejista

Kijana, hesabu yako ni sahihi, na mimi nimeibandika ukutani miaka mingi. Ila hiyo inahesabu dozi, haihesabu watoto. Mwezi huu dozi 20 za Penta ya 1 na 20 za Penta ya 3 zinakupa sifuri, unafurahi. Lakini waliopata ya 3 ni watoto wa miezi miwili nyuma, na pengine watano kati yao ni wageni waliokuja msimu wa mavuno. Wako watano wamekaa nyumbani, na wageni wamewaziba. Kuna miezi nimeona inatoka hasi kabisa. Kipimo hicho kinamwambia mratibu aende kituo gani. Hakimwambii nesi agonge mlango gani.

TakwimuKijana

Sawa, lakini hiyo ndiyo wanayoidai kwenye ripoti.

MzeeWaRejista

Wape. Ni mambo mawili tofauti.

WaSiaya

Habari kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Kenya rejista yetu ya kudumu ni MOH 510, na shida ni hizo hizo. fomula_tu, fomula yako ina shimo. Mtoto wa miezi 10 aliyekosa Penta ya 3 na pia hajapata surua rubela, inamwonyesha Penta peke yake kwa sababu inasimama kwenye kosa la kwanza. Mhudumu anaenda na karatasi imeandikwa Penta 3, mama anakuja, na siku yenye watu wengi nesi anachoma alichoandikiwa. Surua inabaki. Mtoto huyo alitakiwa apate zote mbili siku ile ile.

Halafu sisi wa kando ya Ziwa tuna chanjo ya malaria tangu 2019. Kwa ratiba tuliyoanza nayo dozi ya nne ilikuwa miezi 24. Faili nyingi zilikuwa zimeshafungwa baada ya miezi 18, kwamba mtoto "amekamilisha". Dozi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutesa.

fomula_tu

Aisee, kweli. Basi tuikate vipande viwili. M iishie Penta ya 3, na N iwe ya surua peke yake:

```
=IF(L2<>"HAI","",IF(J2="",EDATE(E2,9),
IF(K2="",MAX(EDATE(E2,18),J2+28),"")))
```

Kila moja na kuchelewa kwake. Na kwa kuwa Nesi anachanja Alhamisi tu, tarehe isogezwe hadi Alhamisi inayofuata, asije akamwita mama Jumanne:

```
=IF(M2="","",M2+MOD(5-WEEKDAY(M2),7))
```

NesiPembezoni

Nimeweka, asanteni sana. Kutoka 58 zimebaki 41. Lakini kuna mistari imeandika `#VALUE!`, na kuna mtoto inasema amepata Penta ya 1 kabla hajafikisha mwezi. Sijawahi kufanya hivyo.

fomula_tu

Hiyo ni mipangilio ya tarehe. Kompyuta yako imewekwa mtindo wa Kimarekani, mwezi unatangulia. Ukiandika 22/05/2025 inatafuta mwezi wa 22, haiupati, inayaacha kama maandishi ya kawaida. Utaona yamekaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati tarehe za kweli zinakaa kulia. Hizo ndizo `#VALUE!` zako, na zina heri kwa kuwa zinapiga kelele.

Hatari iko kwenye zile zinazokubali. Umeandika 08/05/2025 ukimaanisha Mei, yeye ameelewa tarehe 5 Agosti. Hakuna kelele. Siku zote kuanzia 1 hadi 12 ya mwezi zinaweza kugeuka kimya kimya. Badili mipangilio iwe ya Tanzania au Uingereza, lakini ulizokwisha kuandika hazitajirudi zenyewe, itabidi uzipitie.

NesiPembezoni

Watoto wako mia mbili na kitu, kaka. Nizipitie zote na kitabu?

MzeeWaRejista

Hapana. Wewe unachanja Alhamisi, basi mwulize kompyuta akuonyeshe chanjo zote ambazo hazikuangukia Alhamisi. Tarehe iliyogeuzwa ni nadra kuangukia Alhamisi tena. Na utanasa kosa jingine ambalo hujalitaja: la Januari. Kila Januari nusu ya wauguzi wanaandika mwaka uliopita. 16 Januari 2025 ilikuwa Alhamisi. Ukiandika 2024 inakuwa Jumanne.

fomula_tu

Hii nimeipenda. Safu ya pembeni:

```
=AND(G2<>"",WEEKDAY(G2)<>5)
```

Ikitoa TRUE, fungua kitabu. Rudia hivyo kwa H hadi K. Ongeza na `=AND(G2<>"",G2-E2<42)` kwa waliochomwa mapema mno.

NesiPembezoni

Imetoa 31 kwa ile ya Alhamisi. Nimefungua kitabu: 19 zimegeuzwa na kompyuta, 4 ni za Januari. Zilizobaki 8 zote ni Jumatatu, nikabaki nazikodolea macho. Mpaka nikakumbuka huduma ya mkoba. Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi tunakwenda na kibebeo cha chanjo mpaka shule moja iko kilomita 14, tunachanjia kule.

Na hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Mkoba tunaandika kwenye daftari la kawaida, kisha tukirudi tunahamishia kitabu namba 7. Nimelitafuta daftari la Aprili. Halijahamishwa ukurasa hata mmoja. Watoto tuliowachanja siku hiyo kwenye rejista ni weupe, na kompyuta imewaita watoro.

waja_wa_milimani

Dada nesi afadhali umesema wewe. Mimi ni mhudumu wa jamii, siyo eneo lako lakini ni yale yale. Mwaka jana nilipewa orodha ya watoto 20. Nikapanda mlima. Nyumba ya kwanza mama akaniletea kadi, imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu mama akaniuliza, "Kwani nyie huko kituoni hamwandiki?" Ya tano walikuwa wamemzika mtoto miezi mitatu iliyopita. Niliingia na karatasi mkononi nikataja jina lake. Sitasahau ule ukimya. Baba yake alinisindikiza hadi njiani hasemi neno.

Tangu siku hiyo sipokei orodha ambayo mwenyekiti wa kitongoji hajaipitia.

Kijiwe_Nongwa

Na hilo neno mtoro nalo. Mtoto wa miezi minne anatoroka vipi, kwa baiskeli?

waja_wa_milimani

Ukilitamka mlangoni mama anakasirika kweli. Mimi nasema, "nimekuja kuulizia kadi ya mtoto". Naomba nione kadi, napiga hesabu palepale. Kama imejaa naandika tarehe zote nampelekea nesi. Kama haijajaa, kadi yenyewe inasema, mimi sisemi.

MzeeWaRejista

Sikilizeni huyo mhudumu. Kisanduku tupu kina maana nyingi. Kinaweza kusema hajachanjwa; kachanjwa hamkuandika; kachanjwa kituo kingine; kahama; au hayupo tena duniani. Kompyuta haiwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo, binti, orodha ya 41 ipitishe kwanza kwenye daftari la mkoba, kisha kwenye karatasi za hesabu za siku, kisha kaa na wenyeviti wa vitongoji na mhudumu nusu saa, taja majina ya wazazi. Ndipo mtu avae viatu.

NesiPembezoni

Nimefanya hayo wiki nzima. Nawaletea ilivyokwenda.

Baada ya kurekebisha tarehe, kuhamisha daftari la mkoba na kuondoa walioandikwa mara mbili, 41 zimekuwa 23. Walioandikwa mara mbili wengi ni wale waliozaliwa hapa kituoni: tunawaandika "Mtoto wa Fulani", na baada ya arobaini wanarudi na jina kamili, tunafungua mstari mpya. Nimewanasa kwa kupanga orodha kwa jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, siyo kwa jina la mtoto.

Nikakaa na wenyeviti watatu. Sita wamehama na wazazi mashambani. Wawili wamefariki, mmoja sikuwa na habari kabisa. Wamebaki 15. Nikawapigia simu niliokuwa na namba zao, wengine mhudumu amekwenda.

Sasa hapa naomba mnisaidie kufikiri. Katika 15 hao, 9 ni wa surua rubela. Na mama baada ya mama ananiambia kitu kimoja: "Nilikuja, mkaniambia nirudi wiki ijayo." Wawili wanasema walirudishwa mara mbili.

Ni kweli. Kichupa chetu cha surua rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa baada ya saa 6 kinamwagwa. Wakija watoto wawili, unawatazama, unatazama kichupa, unasema jamani rudini Alhamisi tuwe wengi. Nimefanya mimi mwenyewe. Tulishagombezwa kwa kumwaga chanjo.

MzeeWaRejista

Nilikuwa nasubiri ufike hapo.

Penta haina shida hii. Ni ya maji tayari. Kichupa kilichofunguliwa kikitunzwa vizuri kwenye baridi kinaweza kwenda hadi siku 28. Ndiyo maana watoro wako wa Penta ni wachache. Surua rubela na BCG ni za unga, zinachanganywa, na saa 6 zikipita haziko tena. BCG kichupa kina dozi 20, kibaya zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Hasara ya dozi 9 inajulikana na imehesabiwa kwenye kuagiza. Mtoto aliyerudishwa haijulikani kama atarudi, na kama umbali ni kilomita 14 utakuwa unajidanganya.

TakwimuKijana

Lakini Mzee, akifungua kila mara chanjo ikiisha katikati ya mwezi, na wilayani hakuna? Hao wengine watakosa wote. Kwenye karatasi ni rahisi.

MzeeWaRejista

Hapo una hoja, sikufichi. Nimekuwa upande wa pili wa hiyo meza, nagawa vichupa 40 kwa vituo vinavyotaka 70. Njia niliyoiona inasaidia kidogo ni kupanga siku: surua rubela siku moja maalumu kila wiki mbili, na tarehe ya kurudi kwenye kadi iandikwe kufuata siku hiyo. Hapo mama harudishwi, anapangiwa. Lakini aliyekuja toka mbali, mfungulie.

WaSiaya

Sisi hilo la kupanga siku lilitugeuka. Mama alikuja na mtoto wa miezi 9 siku isiyo ya surua, akaambiwa subiri. Ni kurudishwa kule kule, jina limebadilika tu.

MzeeWaRejista

Linategemea umbali na idadi ya watoto. Sibishi.

fomula_tu

Nesi, ongeza safu moja: "ALIRUDISHWA", uandike tarehe. Mama akija ukakosa kumchoma kwa sababu yoyote ya kituo, jaza hapo. Hapo orodha yako itakuwa na watu wa aina mbili, na mhudumu asitumwe kwa wale mliowarudisha ninyi. Hao unawapigia simu wewe mwenyewe, na unaanza na samahani.

NesiPembezoni

Hiyo naiweka leo. Kwa hiyo katika 58, waliokatiza wenyewe ni 6. Sita! Wanne wako kitongoji kimoja ng'ambo ya mto, na Aprili maji yalikuwa juu.

Mratibu_mstaafu_mtarajiwa

Naomba niseme la faragha maana hakuna aliyeligusa. Kituo fulani, sikitaji, walipiga picha orodha kama hii ikiwa na majina ya mama, namba za simu na neno WATORO kwa herufi kubwa, wakaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji "ili wajirekebishe". Mama mmoja katika hao alikuwa na jambo jingine la kiafya ambalo kijiji hakikulijua, na safu ya maelezo ilikuwa nalo. Alihama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata kabla ya sheria, mhudumu anahitaji majina ya kitongoji chake tu, kwenye karatasi, jina la mtoto na la mzazi na chanjo inayodaiwa. Karatasi irudi kituoni. Na faili weka nywila.

NesiPembezoni

Kweli. Safu ya maelezo nimeifuta, na kila kitongoji nimechapisha karatasi yake.

MzeeWaRejista

Binti, mbili za mwisho kisha nikalale. Moja: ulisema Polio, Rota na PCV umeziacha kwa kuwa zinaenda na Penta. Siku PCV ikiisha kituoni utachoma Penta peke yake, na kompyuta yako itasema mtoto yuko sawa. Huhitaji safu mpya kwa kila chanjo. Weka moja ya "PUNGUFU" uandike kilichokosekana siku hiyo.

Ya pili ni nzito kidogo. Orodha yako imetoka kwenye kitabu. Mtoto ambaye hajawahi kuletwa hana mstari kitabuni, na kompyuta haiwezi kumkosa mtu isiyemjua. Aliyezaliwa nyumbani ng'ambo ya huo mto hatatokea kwenye 58, wala kwenye 6. Mnazalisha hapo kituoni?

NesiPembezoni

Ndiyo, kitabu namba 12. Na namba 6 cha wajawazito ninacho.

MzeeWaRejista

Anza na namba 6. Mama ambaye tarehe yake ya kujifungua imepita miezi miwili na mtoto wake hayumo kitabu namba 7, huyo umtafute. Ila uliza kwa upole kwanza kama mimba ilifika salama. Umesikia alichokisema mhudumu.

waja_wa_milimani

Na hata huko namba 6 hawamo wote. Kuna ambao hawakuja kliniki ya wajawazito kabisa. Hao tunawajua sisi, kwa kusikia mtoto akilia.

MamaPacha07

Jamani nimeangalia kadi ya yule asiye na kovu, BCG imeandikwa. Lakini wa kovu ndiye hana surua ya pili, na wana miezi 20 wote. Niliambiwa kichupa kimebaki dozi moja.

NesiPembezoni

Mpeleke Alhamisi hii mama, bado hajachelewa kuipata. Wakikuambia urudi wiki ijayo, waambie waandike hivyo kwenye kadi na tarehe.

Nimerudi kwenye namba 6, Mzee. Mpaka sasa nina akina mama 7 ambao watoto wao siwaoni kitabu namba 7. Wawili simu inaita haipokelewi. Mto umepungua, mhudumu anavuka Jumamosi.